Pakiti imenywea, bei imesimama palepale

Mkono ndio uliogundua kwanza. Nilikuwa nimefungua kipande kipya cha sabuni ya kuogea, aina ileile ninayonunua miaka yote, na nilipokishika nikahisi kiganja kinazama mahali ambapo zamani hakikuzama. Nikakigeuza. Upande wa chini ulikuwa umebonyezwa kama tumbo la kijiko. Nikadhani ni urembo. Bahati nzuri karatasi ya kipande kilichoisha ilikuwa bado kwenye ndoo ya taka, nikaiokota na kuziweka mbili pamoja. Ya zamani iliandikwa gramu 200, mpya gramu 175. Urefu uleule, upana uleule, rangi na harufu zilezile, na risiti zote mbili zina bei moja. Gramu 25 zimetolewa tumboni, mahali ambapo mtu hatazami akiwa dukani kwa sababu sabuni imefungwa.

Nilimwonyesha jirani yangu, mtu mwenye akili ya haraka kwenye hesabu. Akapiga kichwani papo hapo: gramu 25 kati ya 200 ni asilimia 12.5, kwa hiyo wamekupandishia bei kwa asilimia 12.5. Nusu ya kwanza ni sahihi. Nusu ya pili ina kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya, na watengenezaji hawana haraka ya kulisahihisha.

Tuiite bei ya sabuni hiyo 100, sarafu yoyote uipendayo. Zamani 100 ilinunua gramu 200, yaani kila gramu ilikuwa 0.50. Sasa 100 hiyohiyo inanunua gramu 175. Gawanya 100 kwa 175, unapata kama 0.571 kwa gramu. Kutoka 0.50 hadi 0.571 ni ongezeko la asilimia 14.3. Ziada juu ya ile 12.5 imetoka wapi? Imetoka kwenye msingi wa hesabu. Kilichopungua tunakipima kwa pakiti kubwa ya zamani, lakini bei tunayolipa sasa inagawanywa kwa pakiti ndogo ya leo. Kadiri pakiti inavyozidi kunywea ndivyo nambari hizo mbili zinavyoachana. Ukipunguziwa asilimia 5, bei imepanda 5.3, tofauti ya kupuuzwa. Ukipunguziwa 10, imepanda 11.1. Ukipunguziwa 20, imepanda 25. Ukipunguziwa robo, imepanda theluthi nzima. Na ukipunguziwa nusu, bei imekuwa maradufu, jambo ambalo ukilisema hivyo kila mtu analiona mara moja.

Njia fupi ya kukumbuka ni kugawanya kipimo cha zamani kwa kipimo kipya. 200 kwa 175 ni 1.143. Ondoa ile 1, kinachobaki ndicho ongezeko la bei, mradi bei ya rafuni haikuguswa.

Kwa nini kiwanda kichague njia hii badala ya kupandisha bei waziwazi? Malighafi, umeme na usafiri vikipanda, mtengenezaji ana milango mitatu: apandishe bei, apunguze ujazo, au abadilishe kilichomo ndani. Wa kwanza una kelele. Mnunuzi hukumbuka bei ya vitu anavyonunua mara kwa mara, na wengi wetu tuna kiwango kichwani ambacho kikivukwa tunarudisha kitu rafuni. Uzito hatuukumbuki. Utafiti mmoja uliochapishwa 2014, uliochambua mauzo ya aiskrimu mjini Chicago, ulikuta kwamba wanunuzi waliguswa na mabadiliko ya ukubwa wa kopo kwa takriban robo tu ya jinsi walivyoguswa na mabadiliko ya bei. Kwa meneja wa mauzo, matokeo hayo ni kama ramani ya njia ya mkato.

Macho nayo yana udhaifu wake. Chukua boksi lenye urefu, upana na kina. Ukilipunguza kila upande kwa asilimia 3.5 tu, ujazo mzima unashuka kwa asilimia 10 hivi, kwa sababu pande tatu zinazidishana. Boksi la sentimita 20 linakuwa 19.3. Nani ataona milimita saba, tena likiwa rafuni peke yake bila lile la zamani pembeni? Na kuna ujanja rahisi zaidi, ambao nadhani ndio unaotumika sana: uso wa boksi usiguswe kabisa, kipunguzwe kina. Boksi la kina cha sentimita 6 likiwa 5.4, ujazo umekwenda asilimia 10 na mbele halijabadilika hata nukta. Sabuni yangu ni ndugu wa ujanja huu. Kopo la mafuta ya kujipaka lenye kitako kilichoingia ndani ni ndugu mwingine, na chupa yenye kiuno chembamba ni binamu yao.

Mara chache ujanja huu hushindwa hadharani, na mfano unaojulikana zaidi ni wa chokoleti ya Toblerone nchini Uingereza mwaka 2016. Vipande vya gramu 400 vilifanywa 360, na vya gramu 170 vikafanywa 150. Wenye kiwanda walitaja kupanda kwa gharama za viungo. Walichokosea, kwa maoni yangu, ni mahali pa kukata. Chokoleti ile ni safu ya vilele vya pembetatu, na umbo hilo ndilo linalotambulisha bidhaa. Badala ya kufupisha kipande, waliongeza upana wa mabonde kati ya vilele. Boksi likabaki na urefu wake, lakini aliyefungua alikuta meno yaliyoachana kama ya mzee. Picha zikasambaa kote. Mwaka 2018 umbo la zamani likarudi. Piga hesabu ya kile kipande kidogo: 170 kwa 150 ni 1.133, yaani ongezeko la asilimia 13.3. Ongezeko hilo si kubwa kuliko la sabuni yangu, ambayo hakuna aliyeipiga picha.

Sasa nije kwenye bidhaa ambayo, kwangu mimi, ndiyo shule bora ya somo hili: roli la karatasi za chooni. Hapa hakuna gramu za kusoma. Mara nyingi pakiti inasema idadi ya maroli kwa herufi kubwa, idadi ya karatasi kwa herufi ndogo, na vipimo vya karatasi moja kwa herufi za kutafutia miwani. Maana yake mtengenezaji ana sehemu tatu za kukata, na anaweza kukata kidogo kila sehemu. Tuseme roli la zamani lilikuwa na karatasi 200, kila moja urefu wa sentimita 11 na upana wa sentimita 10. Roli jipya lina karatasi 185, urefu sentimita 10.5, upana sentimita 9.7. Ukiangalia badiliko mojamoja, huwezi kugombana na mtu: karatasi zimepungua asilimia 7.5, urefu asilimia 4.5, upana asilimia 3. Lakini unachonunua ni eneo la karatasi, na eneo linapatikana kwa kuzidisha vyote vitatu. La zamani: 200 mara 11 mara 10, sentimita za mraba 22,000, yaani mita za mraba 2.2. Jipya: 185 mara 10.5 mara 9.7, kama 18,840, yaani mita 1.88. Eneo limepungua zaidi ya asilimia 14, na bei kwa kila mita ya mraba imepanda karibu asilimia 17.

Na kwa nje? Roli linaweza kuonekana nene vilevile. Karatasi ikifungwa kwa ulegevu kidogo, au bomba la katikati likipanuliwa, mduara wa nje haubadiliki. Kidole ndicho kinachosema: ukilibonyeza roli na likabonyea kwa urahisi kuliko zamani, au bomba likacheza kwenye kijiti cha kuliningʼinizia, chukua rula. Ndiyo, nimewahi kupima karatasi ya chooni kwa rula, na familia yangu haijanisamehe.

Kukata mara moja kuna mipaka yake, kwa hiyo mara nyingi hufanywa kwa awamu. Hapo ndipo kumbukumbu ya mnunuzi inapopotea kabisa. Fuata pakiti moja ya sabuni ya unga. Inaanza gramu 500 kwa bei ya 100. Baada ya muda inakuwa 450, bei ileile. Muda mwingine unapita, inakuwa 400, bei bado ni 100. Kwa jumla imepungua asilimia 20 na bei kwa gramu imepanda asilimia 25. Kisha, siku moja, inatokea pakiti mpya yenye nembo ya kung'aa na neno “kubwa”. Ina gramu 500, bei 130. Mnunuzi anailinganisha na kilichopo rafuni: gramu 400 kwa 100 ni 0.25 kwa gramu, gramu 500 kwa 130 ni 0.26. Ghali kidogo, anajisemea, lakini ni kubwa. Pakiti ambayo angepaswa kuilinganisha nayo haipo tena rafuni. Ilikuwa gramu 500 kwa 100, yaani 0.20. Amerudishiwa alichokuwa nacho mwanzo, kwa asilimia 30 zaidi, na kimeitwa kikubwa. Tazama pia kwamba hiyo “kubwa” ni ghali kwa gramu kuliko ndogo. Tunachukulia kuwa mzigo mkubwa ni nafuu siku zote, na dhana hiyo inauzika.

Kuna pacha wa mchezo huu anayevaa nguo za punguzo la bei. Pakiti inatoka gramu 500 kwa 100 na kuwa gramu 420 kwa 90, na kibandiko cha rangi kinatangaza bei mpya ya chini. Ni kweli, bei imeshuka asilimia 10. Gawanya 90 kwa 420 upate 0.214, dhidi ya 0.20 ya zamani. Umepandishiwa asilimia 7 ukiwa unashangilia.

Watu wengi huamini kwamba haya yote yanaukwepa mfumuko wa bei unaotangazwa na serikali, na kwamba ndiyo maana takwimu hazifanani na mfuko wetu. Dhana hiyo ina ukweli mdogo kuliko inavyovuma. Wakusanya bei wa ofisi za takwimu huandika uzito pamoja na bei, na pakiti ikinywea huhesabu bei kwa kipimo. Sabuni yangu, kwenye daftari lao, imepanda asilimia 14.3 hata kama kibandiko cha rafuni hakijaguswa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Uingereza ilirudi kwenye kumbukumbu zake na kukuta bidhaa 2,529 zilizopunguzwa ukubwa kati ya Januari 2012 na Juni 2017. Haikuona athari ya kuonekana kwenye kiwango cha jumla cha mfumuko, kwa kuwa bidhaa hizo ni sehemu ndogo ya matumizi yote ya kaya, ambayo yana kodi ya nyumba, nauli na mengineyo. Kinachowaponyoka wakusanya bei zaidi ni ule mlango wa tatu, ubora uliopunguzwa, kwa sababu hauna gramu za kuandika.

Kwa hiyo kilichofichwa kimefichwa kwako wewe mnunuzi. Na kisheria, katika nchi nyingi, hakuna aliyedanganya: gramu 175 zimeandikwa 175. Ndiyo maana dawa iliyotangulia ilikuwa kibandiko cha bei kwa kipimo, ile bei ndogo ya kilo moja au lita moja inayowekwa chini ya bei kubwa. Umoja wa Ulaya uliifanya kuwa lazima kwa agizo la mwaka 1998. Ni msaada mkubwa ukilinganisha pakiti mbili zilizo mbele yako leo, ingawa hata hapo uwe macho: wakati mwingine bidhaa moja imeandikiwa bei ya kilo na jirani yake bei ya gramu 100, au roli moja limehesabiwa kwa roli na jingine kwa karatasi. Ila kina pengo. Kibandiko hicho hakina jana. Kinakuambia kilo ni kiasi gani sasa, na kama hukumbuki kilo ilikuwa kiasi gani mwezi uliopita, pakiti iliyonywea inapita mbele yako ikiwa na karatasi zake zote halali.

Pengo hilo ndilo Ufaransa ilijaribu kuliziba. Septemba 2023 kampuni ya maduka ya Carrefour ilianza kubandika matangazo karibu na bidhaa zilizonywea, ikiwaambia wateja kwamba ujazo umeshuka na bei ya kipimo imepanda. Usidhani ni huruma tupu. Ilikuwa inajiandaa kujadiliana bei na wasambazaji, na kuwaaibisha rafuni kulikuwa silaha nzuri. Kisha serikali ikafanya jambo hilo kuwa sheria: kuanzia 1 Julai 2024, maduka ya vyakula yenye zaidi ya mita za mraba 400 yanapaswa kuweka tangazo karibu na bidhaa kwa miezi miwili tangu ianze kuuzwa kwa ujazo mpya. Korea Kusini, mwaka huohuo, iliubebesha mzigo huo mtengenezaji mwenyewe, kwa miezi mitatu. Mimi naona njia ya Korea ina mantiki zaidi, maana aliyekata ndiye anayejua siku aliyokata, na muuza duka mara nyingi hugundua pamoja nasi.

Mahali pasipo na sheria kama hizo, mnunuzi hubaki na kumbukumbu yake, na njia rahisi ya kuikopesha nguvu ni kutunza kifungashio tupu. Kwenye kifungashio kuna kitu kingine chenye thamani ambacho wachache hukitazama: nambari iliyo chini ya mistari ya msimbopau. Kanuni za GS1, shirika la kimataifa linalosimamia nambari hizo, zinataka bidhaa ipewe nambari mpya kipimo chake kilichoandikwa kikibadilika. Hivyo pakiti mbili zinazofanana kama mapacha lakini zina nambari tofauti zina jambo. Pengine si ujazo, pengine ni viungo au toleo jingine, na si kila kiwanda hufuata kanuni kwa unyofu. Lakini ni ishara ya kukufanya ugeuze pakiti na kutafuta gramu. Ishara nyingine ni neno “sura mpya”. Kubadilisha mashine za kufungashia ni gharama, kwa hiyo kiwanda kikibadilisha muonekano ni wakati rahisi wa kubadilisha na ujazo.

Mizani ya jikoni, kwa upande mwingine, itakugombanisha bure. Sabuni hupoteza maji inapokaa, kwa hiyo kipande cha gramu 175 kilicholala stoo miezi kadhaa kinaweza kupungua bila mtu kukiiba. Kanuni za Ulaya nazo, kama za nchi nyingine nyingi, huruhusu pakiti mojamoja kupungukiwa kidogo mradi wastani wa pakiti zote unatimia: kwa pakiti ya gramu 500, upungufu wa gramu 15 bado unavumilika. Kwa kazi hii, linganisha kilichoandikwa na kilichoandikwa. Na hewa iliyo kwenye mfuko wa vitu vinavyovunjika si ushahidi pia, kwani sehemu yake ni mto wa kuvilinda. Ushahidi ni gramu.

Hesabu nzima inavunjika mahali pamoja: pale ambapo gramu hazilingani kwa nguvu. Sabuni ya maji iliyokolezwa inaweza kupungua kutoka lita 2 hadi lita 1 na ukaoshea nguo zilezile. Hapo gawanya bei kwa idadi ya mafuo yaliyoandikwa, kisha utazame ni kipimo gani cha kifuniko wanachokihesabu kuwa fuo moja, maana hicho nacho hubadilika. Na bidhaa iliyopunguzwa kiungo ghali na kuongezwa maji itakuwa na gramu zilezile kabisa. Kwa hiyo soma orodha ya viungo, ambayo kwa kawaida hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Maji yakiwa yamepanda nafasi moja kati ya kifungashio cha zamani na kipya, umepata jibu.

Juzi nilinunua tena ile sabuni. Bado ni gramu 175. Ila safari hii bei imepanda kutoka ile 100 yetu hadi 108, waziwazi, kibandiko kikubwa. Jirani yangu alilalamika sana kuhusu hizo 8. Nilikwenda kuchukua karatasi ya zamani, nikagawanya 108 kwa 175, na nikamwonyesha 0.617 dhidi ya ile 0.50 tuliyoanza nayo. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama bado nina lile rula.